Somo: Chora wasilisho lako kwenye kadi kabla hujafungua PowerPoint

Wakuu, naandika hili mara moja ili kila anayeniuliza "slaidi zangu hazieleweki, nitumie kiolezo gani?" nimwelekeze hapa. Shida mara nyingi si kiolezo. Ukianzia kwenye kompyuta, utaanza kuchagua rangi, na slaidi ukishaipamba inakuuma kuifuta hata kama haina kazi. Kadi uliyoichora kwa nusu dakika haikuumi kuitupa.

Vifaa: karatasi tatu za A4, penseli, na kalamu moja ya wino mnene.

Hatua ya 1: Kata kadi. Kunja A4 katikati mara tatu, kata kwenye mikunjo. Utapata kadi 8, kila moja milimita 105 kwa 74. Skrini nyingi siku hizi ni 16 kwa 9, kwa hiyo pima milimita 59 kutoka juu upige mstari. Juu ya mstari ndiyo slaidi. Ukanda unaobaki chini ni wa maneno utakayosema na mahali ulipotoa takwimu.

Hatua ya 2: Andika uamuzi unaoutaka. Sentensi moja kwenye kadi ya peke yake: wakitoka humo ndani wawe wameamua nini? Iweke mbele ya macho. Hiyo si slaidi.

Hatua ya 3: Andika vichwa, bila kuchora chochote. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo msipite haraka.

Niliwahi kupewa dakika 20 mbele ya wakubwa wa kazini. Nilichora kadi 18, zimenyooka kabisa: "Utangulizi", "Hali ilivyo", "Takwimu", "Changamoto", na kuendelea. Nilipofika slaidi ya sita, mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo unataka tufanye nini?" Jibu lilikuwa kadi ya 16. Muda ukaisha sijaifikia, na ombi likaahirishwa.

Kosa ni kwamba "Takwimu" ni jina la sanduku, na sanduku unaweza kutia chochote. Kichwa kiwe sentensi kamili inayodai jambo, ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Tuseme unaomba meza ya pili ya kufungashia oda ghalani. Vichwa vyako vinaweza kwenda hivi:

1. Tunaomba meza ya pili ya kufungashia.
2. Wiki iliyopita oda 40 kati ya 288 zilichelewa.
3. Kati ya hizo 40, oda 36 zilikwama kwenye ufungashaji.
4. Zote 36 ziliingia baada ya saa nane mchana.
5. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja zinaingia oda 8 kwa saa, meza inafunga 6.

Sasa angalia: oda 2 zinabaki kila saa, kwa saa 3, kwa siku 6 za kazi. Jumla 36. Kadi ya 5 imeeleza kadi ya 3 yote. Hesabu isingekubali, ungeigundua ukiwa na penseli mkononi, si mbele ya watu.

Angalieni haya:
- Kichwa chenye "na" inayounga madai mawili ni kadi mbili. Kata.
- Kikizidi mistari miwili kwa kalamu nene, ni kirefu mno. Usichukue kalamu nyembamba ili kitoshe.
- Namba za kadi ziwe za penseli. Ukizitia wino utaona uvivu kuzihamisha.

Hatua ya 4: Zitandaze mezani, soma vichwa tu kwa sauti. Mahali utakapojikuta unasema "ngoja kwanza nieleze kitu", pana kadi inayokosekana au imekaa sipo. Kwenye mfano wetu inakosekana moja: nani atasimama kwenye hiyo meza ya pili? Hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Hatua ya 5: Chora. Maandishi ni mistari ya mawimbi tu. Unalinganisha vitu, chora nguzo. Unaonyesha mabadiliko ya muda, chora mstari unaopanda na kushuka. Kadi ya 5 ni nguzo mbili, 8 na 6, na pengo la katikati umelitia kivuli.

Hatua ya 6: Fungua kompyuta. Nenda `View` kisha `Outline View`, andika vichwa vyote kwanza. Kila ukibonyeza `Enter` baada ya kichwa, slaidi mpya inafunguka. Michoro baadaye.

---

Kipepeo77: Asante mkuu. Naomba na kiolezo kizuri.

Mwandishi: Rudi aya ya kwanza.

Bint_Saidi: Kwa dakika 20 ziwe kadi ngapi?

Mwandishi: Usihesabu kadi, hesabu muda. Shika saa, ongea kila kadi kwa sauti, andika sekunde kwenye ukanda wa chini, kisha jumlisha. Kadi ya mchoro mmoja kwangu huchukua dakika moja na nusu hivi. Yenye takwimu inayobishaniwa hufika hata nne. Jumla ikifika dakika 15, simama. Dakika zilizobaki ni za maswali.

Fundi Mkimya: Huku ni kupoteza muda. Mimi natoa slaidi 40 kwa saa moja.

Mwandishi: Za kwangu 18 nazo zilitoka haraka. Soma hatua ya 3. Ila nikubali jambo moja: kama wasilisho ni la kusomwa bila msemaji, kadi hazitoshi, maana maelezo yote lazima yaandikwe. Na kama takwimu zako bado hujazichambua, chambua kwanza. Kadi haitakuambia oda zilikwama wapi.

Mama Zuhura: Nimejaribu jana usiku. Vichwa vimekaa sawa, lakini kadi moja imekataa kabisa kupata picha: "Ufanisi utaongezeka." Nimechora mshale unaopanda, naona haujasema kitu.

Mwandishi: Dada, umeona vizuri. Mshale ule ungeingia kwenye wasilisho lolote duniani, maana yake kichwa ndicho kina ugonjwa. Jiulize: nikisimama pale ghalani baada ya mabadiliko, macho yangu yataona nini? Labda, "Saa kumi na moja jioni hakuna oda inayosubiri mezani." Hapo picha inakuja yenyewe: meza mbili kando kwa kando, moja ina rundo, nyingine tupu. Badilisha kichwa ndipo uchore.

Mama Zuhura: Imekubali! Na projekta yetu ni ya zamani, ya 4 kwa 3.

Mwandishi: Bakiza kimo cha milimita 59, upana pima 79, piga mstari wa wima. Kipande cha pembeni ni nafasi zaidi ya maelezo. Kwenye kompyuta ni `Design`, `Slide Size`, `Standard (4:3)`.

Mpiga Kasia: Mimi natumia vile vikaratasi vya gundi ukutani, lakini asubuhi navikuta sakafuni.

Mwandishi: Unavibandua kwa kuvuta kutoka chini kwenda juu, ndiyo maana vinajikunja. Vuta kutoka ubavuni, vitalala bapa ukutani.

Bint_Saidi: Nyongeza: vipige picha kabla ya kulala. Vya kwangu vilifagiliwa.