Maneno ya lebo ya asali: hadithi ya chimbuko iandikwe kutoka kwenye daftari la mavuno

Wafugaji nyuki wengi wanaoanza kufungasha asali yao wenyewe huandaa lebo kwa sehemu mbili zisizohusiana. Taarifa za lazima hunakiliwa kutoka kwenye chupa ya mwenzao, na hadithi ya asali inakotoka hutungwa siku ya kwenda kwa mchapaji. Ushauri wangu ni kuandika sehemu zote mbili kutoka kwenye chanzo kimoja, yaani daftari la mavuno, ili kila sentensi inayomvutia mnunuzi iwe na mstari wa daftari unaoweza kuithibitisha pale mkaguzi au mnunuzi wa jumla atakapouliza.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora, kinachotaka kuuza asali ya msitu wa miombo katika chupa za gramu 500. Rasimu yao ya kwanza inasomeka hivi: “Asali safi ya asili 100% ya maua ya mninga, haiharibiki kamwe, hutibu vidonda vya tumbo, kikohozi na kisukari. Ujazo ml 500.” Maneno haya tumezoea kuyaona sokoni, na karibu kila dai lililomo lina tatizo lake.

Nianze na ujazo, kwa kuwa hapa mfugaji hujipunja mwenyewe. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina uzito wa takribani kilo 1.4. Chupa ya mililita 500 ikijazwa sawasawa hubeba karibu gramu 700 za asali, wakati gramu 500 zinatosha katika chupa ya mililita 360 hivi. Anayepanga bei kwa kilo na kisha kufungasha kwa mililita hutoa gramu 200 bila malipo katika kila chupa. Asali itangazwe kwa uzito halisi, bila kuhesabu chupa, na mizani inayotumika kupimia iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo.

Madai ya tiba yaondolewe yote. Mwongozo wa Kodeksi, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kuhusu madai ya vyakula unakataza kuuza chakula kwa kudai kuwa kinakinga au kinatibu ugonjwa, na dai la kisukari lina hatari zaidi kwa sababu asali yenyewe ni sukari kwa sehemu kubwa. Mahali pake paandikwe onyo ambalo wengi hulisahau: asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambao utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuwadhibiti. Onyo hili halimfukuzi mnunuzi; mama anayelisoma hutambua kwamba mfungashaji anaifahamu bidhaa yake.

Neno “haiharibiki” lina jibu lake kwenye kipima unyevu. Kiwango cha Kodeksi cha asali kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 20, na asali iliyozidi hapo huchachuka kwa urahisi: hutoa povu, harufu ya pombe, na wakati mwingine husukuma kifuniko. Kwa hiyo lebo iwe na tarehe ya kufungasha na tarehe ya mwisho ya ubora, pamoja na maelekezo ya kuhifadhi mahali pakavu, penye ubaridi, pasipopigwa na jua. Iongezwe pia sentensi moja kwamba asali kuganda ni jambo la kawaida na kwamba huyeyuka chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu. Bila sentensi hiyo, muuza duka atarudishiwa chupa iliyoganda kwa tuhuma kwamba imechanganywa na sukari.

Sasa tuje kwenye chimbuko, ambako ndiko kwenye mvuto. Kodeksi inaruhusu kutaja eneo la kijiografia iwapo asali yote imetoka katika eneo hilo, na kutaja mmea iwapo asali imetoka kwa mmea huo wote au kwa sehemu kubwa na ina sifa zake. Kikundi chetu kinaweza kuandika Sikonge kwa moyo mweupe, mradi hakijajazia pipa kwa asali iliyonunuliwa Manyoni. Mninga ni suala jingine. Mizinga iliyotundikwa katikati ya miombo huhudumiwa na nyuki wanaotembelea miti ya aina nyingi, na bila kupima chavua maabara hakuna anayeweza kusema kwamba maua ya mninga ndiyo yaliyotawala. “Maua ya msitu wa miombo” ni kweli, na kwa maoni yangu yanavutia zaidi, kwa kuwa yanataja mahali ambapo mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kujitundikia mzinga.

Daftari la kikundi linaonyesha kwamba mavuno yalifanyika Juni, masega yaliyozibwa kwa nta pekee ndiyo yaliyokatwa, asali ilichujwa kwa kuachwa ichuruzike kwenye kitambaa bila kupashwa moto, na unyevu ulipimwa asilimia 18.5. Hadithi imekwisha kuandikwa humo. Upande wa mbele wa lebo ubebe neno “Asali” kwa herufi kubwa, chini yake “ya msitu wa miombo, Sikonge, Tabora”, kisha uzito halisi. Upande wa pili usomeke hivi:

“Wafugaji nyuki wa Sikonge hutundika mizinga yao juu ya miti ya miombo. Hukata masega ambayo nyuki wenyewe wamekwisha kuyaziba kwa nta, yaani asali iliyokomaa, kisha huyaacha yachuruzike polepole kwenye kitambaa bila moto. Rangi na ladha hubadilika kidogo kila msimu kulingana na maua ya msituni.”

Maneno hayo hayafiki 50, na yanatosha kwa upana wa chupa ya gramu 500 bila kubana herufi. Baada yake zifuate taarifa za lazima: jina na anwani ya mfungashaji, nchi ya asili, namba ya toleo, tarehe mbili, uhifadhi na onyo la mtoto. Alama ya ubora ya TBS iwekwe baada ya leseni kutolewa, si wakati maombi yangali mezani. Vivyo hivyo, neno “kilimo hai” lisubiri uthibitisho.

Sentensi kuhusu rangi na ladha inafanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inamtayarisha mnunuzi kupokea asali nyeusi zaidi msimu ujao bila kudhani kwamba amebadilishiwa bidhaa.

Kuna jambo la uchapaji linaloharibu lebo nyingi nzuri. Bei ya mchapaji hushuka kadiri idadi inavyoongezeka, hivyo kikundi huchapa lebo za misimu miwili kwa mkupuo, na kama neno “Juni” limo ndani ya hadithi, mavuno ya Novemba yatauzwa kwa lebo ya uongo. Ndiyo maana mwezi haumo katika maandishi niliyopendekeza. Kinachobadilika kiachiwe nafasi nyeupe na kigongwe muhuri siku ya kufungasha: kwa mfano toleo “SK 06 25 C”, yaani Sikonge, Juni 2025, pipa la tatu, ambalo daftari linaeleza ni ndoo za nani zilizomiminwa humo. Wino wa muhuri ujaribiwe kwanza kwa kusugua lebo na kidole chenye asali na maji. Namba ikifutika, utafutwe wino mwingine kabla chupa hata moja haijatoka.