Somo: Mgonjwa akurudishie maelezo bila kumfanyia mtihani

Nipo dirisha la dawa, kituo kimoja huku Newala. Juzi mama mwenye mtoto wa kilo 10 alipewa dawa mseto ya malaria: vidonge sita, kimoja kila mara, siku tatu. Cha kwanza mtoto alikinywa mbele yangu saa nne asubuhi. Nikamwambia, "Cha pili baada ya saa nane." Nikauliza, "Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo." Kwetu huku nani atamjibu muhudumu hapana, na foleni iko nyuma yake?

Hatua ya 1. Jitwishe mzigo wewe. Nikasema, "Mama, nimeongea haraka, sijui kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani bibi yake akiuliza hii dawa anapewaje, utamwambiaje?" Hapo anamweleza bibi, hajibu swali la mwalimu. "Hebu rudia nilichosema" iacheni darasani.

Hatua ya 2. Sikiliza kama anakariri. Alisema, "Nitamwambia baada ya saa nane." Maneno yangu yaleyale, kwa hiyo bado sijajua kitu. Nikauliza, "Kwa leo itakuwa wakati gani?" Akasema, "Saa nane mchana, wakitoka kuswali adhuhuri."

Kosa ni langu. Nilihesabu muda, yeye akasikia saa ya ukutani. Kidonge cha pili kingeingia baada ya muda wa saa nne tu tangu cha kwanza, badala ya kusubiri hadi saa kumi na mbili jioni.

Hatua ya 3. Rekebisha kwa njia nyingine, usirudie sentensi ileile kwa sauti kubwa. "Hapo nilikuchanganya mimi. Leo jua likizama, mpe cha pili. Kesho na keshokutwa, saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mpe na chakula chenye mafuta kidogo, hata uji wa nazi." Nikachora jua na mwezi kwenye pakiti.

Hatua ya 4. Uliza tena palipokosewa tu. Nikampa pakiti: "Nionyeshe cha leo jioni." Akagusa cha pili, akasema, "Jua likizama." Basi.

Maswali ya wanakikundi

*Foleni ya watu sitini, muda uko wapi?*
Usimwombe akurudishie kila kitu. Chagua jambo moja ambalo likikosewa litaleta madhara. Kwa dawa mseto mimi huchagua kidonge cha pili.

*Mzee wa rika la baba yangu atakasirika?*
Baada ya shikamoo, mwombe msaada: "Mzee wangu, nisaidie, nijue kama nimeeleweka. Nyumbani nani anakukumbusha dawa? Utamweleza vipi?" Mimi hakuna aliyenikasirikia kwa hilo. Wanaokasirika ni wale wanaoulizwa mbele ya watu, kwa hiyo sogea karibu na ushushe sauti.

*Bibi anajua Kimakonde tu, mjukuu anatafsiri.*
Shida ni mjukuu kujibu badala yake. Mwambie, "Muulize bibi, halafu niambie alivyosema yeye, hata kama amekosea." Bibi akisema neno moja na mjukuu akaleta sentensi tano, muulize bibi tena, safari hii akuonyeshe kwa kidole kwenye pakiti.