Somo: Ristreto, normale na lungo kutoka mkamuo mmoja

Ukiuliza ristreto ni nini, wengi watakujibu kwamba ni espreso kali, na lungo ni espreso nyepesi. Jibu hilo lina ukweli nusu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowapotosha watu wanapokaa mbele ya mashine. Leo tutatenga mkamuo mmoja katika vikombe vitatu ili kila mtu aonje kwa ulimi wake kinachobadilika. Ukishafanya hivyo mara moja, kuchagua hakutakusumbua tena.

Kwanza maana. Tunapima uzito wa unga mkavu wa kahawa, kisha uzito wa kinywaji kilichoingia kikombeni, tunalinganisha. Ristreto huwa karibu 1:1 hadi 1:1.5, normale, yaani espreso ya kawaida, karibu 1:2, lungo 1:3 au zaidi kidogo. Kwa gramu 18 za unga, hizo ni takriban gramu 18 hadi 27, gramu 36, na gramu 54. Mipaka hii haikuchongwa kwenye jiwe; mabaa ya Italia yana mazoea yao ya gramu 7 kwa mililita 25 ndani ya sekunde 25, na wala hawasumbuki na mizani. Sisi tutapima kwa gramu, kwa sababu povu la juu hudanganya jicho. Kahawa iliyokaangwa wiki hii hutoa povu jingi, na kikombe huonekana kimejaa ilhali kinywaji chenyewe ni kidogo.

Hatua ya 1: Tafuta normale nzuri kwanza. Weka gramu 18 kwenye kikapu cha chujio cha mashine kinachobeba kiasi hicho, sawazisha, shindilia pakiwa tambarare. Rekebisha usagaji mpaka upate gramu 36 kwa sekunde 25 hadi 30, ukihesabu tangu ulipowasha pampu. Ukisogeza kinu, kumbuka unga wa zamani bado umejificha ndani yake. Saga gramu chache uzimwage kabla ya kupima. Usiendelee na hatua inayofuata kama normale yako bado ina kasoro, maana utakuwa unagawa kasoro hiyo katika vikombe vitatu.

Hatua ya 2: Panga vikombe. Chukua vikombe vitatu vyepesi vinavyotosha pamoja juu ya mizani, uviweke vyote humo na kuisawazisha iwe sifuri. Hivyo mizani itaendelea kuhesabu jumla unapobadilisha kikombe. Kama mizani ni ndogo, tafuta mtu wa kukusaidia kusoma, au pima kila kikombe baadaye.

Hatua ya 3: Kamua na ukate. Usagaji ni uleule wa normale. Washa pampu. Gramu 18 za mwanzo ziende kikombe cha kwanza, 18 zinazofuata cha pili, na 18 za mwisho cha tatu. Mikono iwe myepesi, na matone mawili matatu yakimwagika usihangaike. Utaona mwenyewe mkondo unavyobadilika: mwanzo ni mweusi na mzito kama asali, katikati unakuwa kahawia, mwishoni umepauka na unakwenda mbio. Kwangu kikombe cha kwanza kilijaa kwenye sekunde ya 18 hivi, cha pili ya 28, cha tatu ya 36. Hiyo kasi ya mwisho ni ya kawaida, kwa kuwa kidonge cha kahawa, yaani ule unga ulioshindiliwa, kimeshapoteza sehemu ya mwili wake na hakizuii maji kama mwanzo.

Hatua ya 4: Onja kila kimoja peke yake. Koroga, acha kipoe kidogo, onja kwa kijiko. Kikombe cha kwanza kitakushtua: kizito, kichachu, kina ladha inayokaribia chumvi. Cha pili ni kitamu kwa namna ya kushangaza, laini, ila hakina mshindo. Cha tatu ni chepesi kama chai, na ukitulia utasikia uchungu kwa mbali na ukakasi unaobaki kwenye ulimi. Kikinywewa peke yake hakipendezi hata kidogo. Ndiyo maana watu husema lungo ni uchungu mtupu, lakini bado hawajafika hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Changanya. Kikombe cha kwanza peke yake ni ristreto. Mimina cha pili ndani yake, umepata normale. Onja. Uchachu umeshuka, utamu umejitokeza, ingawa hukuongeza sukari. Sasa mimina cha tatu, hiyo ni lungo. Uzito mdomoni umepungua sana, lakini mara nyingi harufu zimefunguka na unaweza kuzitenga moja moja, jambo ambalo ristreto haikukuruhusu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kuna vitu viwili vinavyokwenda kinyume. Ukolezi, yaani wingi wa kahawa iliyoyeyuka ndani ya kila tone, hushuka kadiri kinywaji kinavyorefuka. Ukamuaji, yaani sehemu ya unga iliyoyeyushwa na maji, hupanda. Tuchukue hesabu ya mfano. Kikombe cha kwanza kina gramu 2.5 za kahawa iliyoyeyuka, cha pili 0.9, cha tatu 0.4. Ristreto basi ina ukolezi wa asilimia 14 lakini imekamua asilimia 14 tu ya unga. Normale: gramu 3.4 ndani ya 36, ukolezi kama asilimia 9.5, ukamuaji 19. Lungo: gramu 3.8 ndani ya 54, ukolezi 7, ukamuaji 21. Kwa hiyo lungo ni nyepesi zaidi mdomoni na wakati huohuo imekamuliwa zaidi. Neno "kali" linabeba mambo haya mawili kwa pamoja, ndiyo maana linatuchanganya.

Uchachu huyeyuka mapema, mengine yanayoupa mizani huchelewa. Ristreto iliyokatwa mapema ni chachu kwa sababu haikusubiri wenzake waje.

Hatua ya 6: Sasa rekebisha usagaji kwa kila aina. Ulichofanya juu ni kukata mkondo mmoja. Ristreto inayotengenezwa kwa makusudi husagwa laini kidogo zaidi, ili gramu 18 hadi 24 zichukue sekunde 25 au zaidi badala ya 18. Maji yanapata muda mrefu na eneo kubwa la kugusa, uchachu unatulia, na unapata kitu kizito chenye ladha ya mviringo. Lungo nayo husagwa chenga kidogo ili gramu 54 zisichukue dakika nzima. Sogeza kinu kidogo tu, na usiguse kiasi cha unga. Pia zima pampu mapema: matone yanayofuata baada ya kuzima huongeza gramu 2 hadi 4, ambazo kwenye lungo si kitu lakini kwenye ristreto ya gramu 20 ni jambo kubwa.

Na uchaguzi? Mimi naanzia kwenye ukaangaji. Kahawa iliyokaangwa sana ni dhaifu, huyeyuka upesi, na uchungu wake uko karibu. Naikata fupi, 1:1.5. Iliyokaangwa hafifu ni ngumu, haitoi vitu vyake kwa urahisi, na ikikatwa fupi itakuuma kwa uchachu, naipeleka 1:2.5 hadi 1:3. Ya katikati naiacha kwenye normale mpaka initume kwingine.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, kwani lungo si normale iliyoongezwa maji ya moto? Nikiongeza gramu 18 za maji nitapata kitu kilekile.

Jibu: Ukolezi utakaribiana, ladha haitafanana. Maji uliyomimina kikombeni hayakupita kwenye kahawa, kwa hiyo hayakuleta kitu. Hiyo ni amerikano. Rudi kwenye vikombe vitatu: badala ya kumimina cha tatu, mimina maji matupu ya uzito uleule, uonje vyote sambamba. Kahawa iliyokaangwa sana mara nyingi hushinda kwa njia hii ya maji, kwa sababu kikombe chake cha tatu kimebeba uchungu usiouhitaji.

Swali: Nakunywa ristreto jioni nikiamini kafeini yake ni nusu ya normale. Niko sahihi?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kafeini huyeyuka haraka, sehemu kubwa yake hutoka mapema kwenye mkondo. Kwa unga uleule, ristreto ina kafeini pungufu kidogo, si nusu. Ukitaka kupunguza kweli, punguza unga na utumie kikapu kidogo.

Swali: Lungo yangu ni chungu na chachu kwa pamoja. Nilipunguza hadi 1:2 lakini bado. Nifanyeje?

Jibu: Uchungu na uchachu vikija pamoja, usiuguse uwiano. Maji yamejichimbia mfereji: sehemu moja ya unga imekamuliwa kupita kiasi na nyingine haijaguswa vizuri. Angalia mkondo, je, unatapakaa pembeni au unapauka upande mmoja mapema? Toa kidonge uangalie kama kina tundu au ukingo uliomong'onyoka. Vunja mabonge ya unga kwa sindano nyembamba, sawazisha, shindilia wima. Kisha rudi hatua ya 1.

Swali: Kwa kinywaji cha maziwa, ni ipi?

Jibu: Inategemea maziwa ni mengi kiasi gani. Kikombe kidogo chenye maziwa machache, ristreto inapendeza kwa sababu haiongezi maji na uzito wake unaonekana. Kikombe kikubwa, mimi hutumia normale. Ristreto ina ukolezi mkubwa, lakini jumla ya kahawa iliyoyeyuka ni ndogo, gramu 2.5 dhidi ya 3.4 katika mfano wetu, na maziwa mengi huimeza. Lungo kwenye maziwa siipendi, inabaki kama maziwa yaliyotiwa maji.

Swali: Nimesaga laini kama ulivyosema, ristreto bado chachu. Nikisogeza tena kinu, mashine inaziba kabisa, inatoa tone tone.

Jibu: Umefika mwisho wa njia hiyo. Unga laini mno hauongezi ukamuaji, unazaa mifereji. Kahawa yako imekaangwaje?

Swali: Hafifu.

Jibu: Basi rudisha kinu ulipokitoa, uiache iende hadi gramu 45. Kahawa hiyo haitaki kuwa ristreto.