Barua inadai Sh175,690: jinsi ya kuipima dhidi ya mkataba wa mkopo

Mwongozo huu ni wa mkopo wa benki nchini Kenya usio na dhamana ya ardhi, ambao mwenyewe ameshindwa kulipa na sasa kampuni ya kukusanya madeni imeandika barua. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mkopo wa mfano ni Sh200,000 kwa miezi 24, riba ya asilimia 16 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Marejesho 10 yamelipwa kwa wakati, kisha malipo yakasimama. Miezi tisa baada ya rejesho la mwisho, barua inafika ikidai hivi:

- Deni la msingi: Sh137,097
- Riba: Sh16,452
- Riba ya adhabu: Sh6,169
- Ada ya ukusanyaji: Sh15,972
- Jumla: Sh175,690

Ikiwa barua yako ina jumla peke yake bila mchanganuo, usipige hesabu bado. Andika uombe mchanganuo kwanza.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi tatu

Unahitaji mkataba uliotiwa saini (pamoja na barua ya ofa, kwa maana mara nyingi viwango viko humo), taarifa kamili ya akaunti ya mkopo tangu siku pesa zilipotoka, na barua yenyewe. Taarifa ya akaunti iombe benki, si kampuni inayokusanya. Kampuni hizo hupewa jumla tu, na karani wake hawezi kukueleza kitu ambacho hajawahi kukiona. Wakikuzungusha, omba kwa maandishi ukitaja haki yako ya kuona taarifa zako chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kanuni za sheria hiyo zinawapa siku saba kujibu.

Hatua ya 2: Tafuta deni la msingi lililobaki

Hapa ndipo kosa kubwa hujificha, na kila mstari unaofuata kwenye barua huhesabiwa juu ya namba hii. Ikikosewa hii, riba, adhabu na ada zote zimekosewa pamoja nayo.

Tumia Excel au Google Sheets. Vikokotoo vya mikopo vilivyo mtandaoni viache, kwa sababu havikuonyeshi vimehesabu vipi, na hutaweza kumwekea mtu mezani. Kwanza hakikisha rejesho la kila mwezi linalingana na mkataba:

```
=PMT(16%/12, 24, -200000)
```

Jibu ni 9,792.62. Sasa tafuta salio baada ya marejesho 10:

```
=FV(16%/12, 10, 9792.62, -200000)
```

Jibu ni takriban Sh124,309. Barua inasema 137,097. Kabla ya kulalamika, tafuta hiyo namba yao imetoka wapi, kwa maana ukijua ilivyopatikana hoja yako haijibiki kirahisi. Zidisha marejesho 14 yaliyobaki kwa 9,792.62 upate Sh137,097. Yaani wamejumlisha marejesho yote ya mbele na kuyaita deni la msingi, ilhali ndani yake mna Sh12,788 za riba ya miezi ambayo mingine haijafika. Kisha mstari wa pili unatoza riba tena. Sehemu hiyo inadaiwa mara mbili.

Hata hivyo, usikimbilie kusema wamekosea kabla ya kuangalia mambo yafuatayo.

La kwanza ni kifungu kinachoruhusu benki kudai mkopo wote kwa mara moja. Soma maneno yake kwa makini. Mkataba wa mfano wetu unasema benki inaweza kudai "deni la msingi lililobaki pamoja na riba iliyokwisha kulimbikizwa". Riba ya mbele haimo. Iko mikataba inayosema "marejesho yote yaliyobaki", na hapo hoja yako inabadilika: unapinga wao kuongeza riba nyingine juu ya marejesho ambayo tayari yamebeba riba.

La pili ni aina ya riba. Kama rejesho lako halikubaliani na PMT, jaribu riba isiyopungua, ile inayohesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho: 200,000 mara asilimia 16 mara miaka miwili ni 64,000, jumla 264,000, gawa kwa 24 upate Sh11,000. Ukilipa Sh11,000 kwa mwezi, basi huo ndio mkopo ulio nao, na fomula ya FV haikufai. Kwa mkopo wa namna hiyo kila rejesho hupunguza deni la msingi kwa Sh8,333, hivyo baada ya marejesho 10 limebaki Sh116,667.

La tatu ni mkopo uliopangwa upya au kuongezewa. Hapo mkataba wa kwanza umekufa. Anza hesabu kwenye tarehe ya mkataba wa mwisho, kwa kiasi kilichoandikwa humo.

La nne ni ada ya kushughulikia mkopo. Kama benki ilikata Sh6,000 mapema ukapokea Sh194,000, deni la msingi bado ni 200,000. Wengi hulipinga hili na kushindwa. Kilicho cha kupinga ni pale ada ilipokatwa siku ya kwanza, kisha ikaongezwa tena kwenye salio. Hilo huonekana kwenye mistari miwili mitatu ya mwanzo ya taarifa ya akaunti.

Mwisho, pima ukubwa wa tofauti. Ikiwa namba yako na yao zinapishana kwa mia chache tu, kwa kawaida ni hesabu ya siku: benki huhesabu riba kwa siku, na rejesho lililochelewa siku nne huacha mabaki. Hapo usigombane. Ikiwa tofauti inakaribia rejesho moja kamili, tafuta malipo ya M-Pesa ambayo hayakuingia. Linganisha kila msimbo wa muamala kwenye simu yako na taarifa ya akaunti, na uangalie nambari ya akaunti uliyoandika siku hiyo. Tarakimu moja ikikosewa, pesa hukaa kwenye akaunti ya kusubiri au ya mtu mwingine, na mkopo wako haupungui hata senti.

Hatua ya 3: Riba ya kawaida

124,309 mara asilimia 16 mara 9 gawa kwa 12: Sh14,917. Kama mkataba unaruhusu riba isiyolipwa kuongezwa kwenye deni kila mwezi, inafika takriban Sh15,738. Lazima kifungu hicho kiwepo kwenye mkataba. Kisipokuwepo, tumia namba ndogo.

Kama kiwango kilipanda katikati ya mkopo, omba ilani ya mabadiliko. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kupandisha tozo zake bila idhini ya Waziri, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba riba nayo imo.

Hatua ya 4: Riba ya adhabu

Angalia vitu viwili: asilimia ni ya mwaka au ya mwezi, na inatozwa juu ya nini. Mkataba wetu unasema asilimia 6 kwa mwaka juu ya "kiasi chochote kilichochelewa". Barua imeitoza kwenye Sh137,097 zote kwa miezi tisa, ndiyo maana wamepata 6,169.

Lakini si kiasi chote kilichelewa kwa miezi tisa. Rejesho la 11 limechelewa miezi minane, la 12 miezi saba, na kuendelea hivyo hadi la 19, ambalo siku yake ndiyo kwanza imefika. Jumlisha 8+7+6+5+4+3+2+1 upate 36. Zidisha 36 kwa 9,792.62, kisha kwa asilimia 0.5 ya mwezi: Sh1,763.

Angalizo: baada ya benki kudai mkopo wote rasmi na muda wa kulipa kupita, salio zima linakuwa limechelewa, na adhabu inaanza kuhesabiwa juu yake lote. Kwa hiyo tarehe ya ilani hiyo ina uzito. Ikiwa barua ya kampuni ndiyo ilani ya kwanza kukufikia, hawawezi kurudisha adhabu ya salio zima nyuma miezi tisa.

Hatua ya 5: Ada ya ukusanyaji

Asilimia 10 ya 159,718 ni 15,972. Hayo ni makubaliano ya benki na kampuni yake, na wewe hukuyatia saini. Mikataba mingi inakubali "gharama zilizotumika" kudai deni. Gharama iliyotumika ina ankara, hivyo omba ankara. Ikiwa asilimia imetajwa kwenye mkataba wako, hapo mambo ni mengine, ila bado ihesabiwe kwenye jumla sahihi.

Hatua ya 6: Kikomo cha kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki

Tangu Mei 2007, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipoanza kuhesabiwa kuwa haulipiki, yaani malipo yakichelewa zaidi ya siku 90. Kwenye mfano wetu kikomo cha riba ni Sh124,309, nasi tuko mbali nacho. Kwa deni la miaka sita au saba ndicho kitu cha kwanza cha kuangalia. Watu hukosea kwa kutumia mkopo wa awali, hapa 200,000. Sheria inaangalia kilichobaki siku ile. Pia, ukianza kulipa tena kisha ukaacha, kikomo kinahesabiwa kuanzia mara ya mwisho. Gharama za kudai deni haziingii kwenye kikomo, wala riba iliyoamriwa na mahakama baada ya hukumu.

Hatua ya 7: Jibu kwa maandishi

Jumla sahihi: 124,309 + 14,917 + 1,763 = Sh140,989. Tofauti na barua ni Sh34,701. Andikia benki, nakala kwa kampuni, na uambatishe karatasi ya hesabu. Maneno yatosha hivi:

"Sikubali kiasi cha Sh175,690. Kwa hesabu niliyoambatisha, mstari wa deni la msingi umejumlisha riba ya mbele, riba ya adhabu imetozwa kwenye kiasi ambacho hakijachelewa, na ada ya ukusanyaji haina ankara. Naomba taarifa ya akaunti na mnijibu kwa kila mstari."

Deni likiwa limepita au linakaribia miaka sita tangu uliposhindwa kulipa, usitume maneno haya wala kulipa chochote kabla ya kumwona wakili. Kukiri deni kwa maandishi, au kulipa sehemu yake, huanzisha upya muda wa kushtakiwa.

Kwa deni jipya kama hili, lipa kiasi usichobishia, na ulipe kwenye paybill ya benki iliyo kwenye mkataba, si nambari uliyotumiwa na karani kwa ujumbe mfupi. Na kama mkopo wako una dhamana ya ardhi, usitegemee karatasi hii kuzuia mnada: mahakama za Kenya zimeshikilia mara nyingi kwamba ubishi juu ya kiasi peke yake hausimamishi uuzaji.