Kwamba, kwa sababu, kwa hiyo: namna ya kuamua lipi liunganishwe na lipi litenganishwe

Hivi karibuni nilikuwa nikisahihisha rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi mmoja, nikakutana na sentensi hii: "Ilibainika kwamba wakulima wengi hawatumii mbolea kwasababu bei yake ni kubwa, kwahiyo mavuno hupungua ijapo kuwa mvua ni za kutosha." Nikazungushia kalamu nyekundu sehemu tatu. Akauliza, "Mwalimu, mbona kwamba hukuligusa? Nalo si limeanza na kwa?" Swali lilikuwa la haki, maana kanuni niliyokuwa nimempa awali, ya kuwa "kwa huandikwa peke yake", haikuwa kanuni kamili. Utaratibu ufuatao ndio niliomwandikia baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisha kama hiyo ni "kwa" kweli

Katika kwamba hakuna kihusishi "kwa". Neno hili ni kitenzi cha zamani, -amba, chenye maana ya kusema, kikiwa kimetanguliwa na ku-, ile ile tunayoiona katika kusoma na kulima. Ku- ilipokutana na irabu a, ikawa kw-. Kitenzi chenyewe hatukitumii tena katika mazungumzo ya kawaida, lakini watoto wake tunaishi nao kila siku: ambia, ambiana, ambaye, ambacho. Ndugu wa karibu wa kwamba ni kwanza, ambalo limetokana na -anza kwa njia hiyo hiyo. Leo tunaandika kuanza tunapotaka kitenzi, ilhali kwanza limebaki na umbo lake la kale kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo ukilitenganisha neno hili unapata "kwa mba", na mba ni ule ugonjwa wa ngozi unaoacha magamba kichwani. Kipimo changu cha haraka ni kuweka kuwa mahali pake: "ilibainika kwamba" na "ilibainika kuwa" zinakwenda sawa, kwa sababu kote kuwili umeweka kitenzi chenye ku-. Weka kwa peke yake hapo, sentensi inakatika.

Hatua ya 2: Ikiwa ni "kwa" kweli, jaribu kuigusa

Maneno mawili yaliyo huru hukubali kubadilishwa moja moja na hukubali kupenyezewa jingine. Chukua kwa sababu. Unaweza kuiondoa kwa ukaweka bila: bila sababu. Unaweza kupenyeza kila: kwa kila sababu. Unaweza kuifuatishia sababu vivumishi vyake: kwa sababu nyingi, kwa sababu hizo mbili. Sababu bado ni nomino, ina ngeli yake na upatanisho wake, wala haijayeyuka ndani ya kiunganishi.

Kwa hiyo inapita mtihani huo huo, kwa kuwa unaweza kusema kwa sababu hiyo. Kwa nini inapita pia: kwa nani, kwa lipi, kwa sababu gani. Kwa kuwa ina ukanushi wake, kwa kutokuwa, ambao unabadilisha kuwa na kuiacha kwa ilipo. Najua magazeti mengi huandika "kwanini" kama neno moja. Mimi sikubali, na mwanafunzi anayeniletea kazi yake hupata wekundu hapo kila mara.

Hatua ya 3: Angalia kama kipande cha pili kinaweza kusimama

Kwani huandikwa pamoja kwa sababu -ni iliyo mwishoni ni ufupisho wa nini, kama katika "wasemani?", na ufupisho huo hausimami peke yake. Ndivyo ilivyo kwa nami na nawe, ukilinganisha na na mimi na na wewe.

Hatua ya 4: Vitenzi vilivyojificha

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima miaka ya nyuma, kwa sababu kipimo cha hatua ya pili na ya tatu kinadanganya. Tazama japokuwa. Japo linasimama peke yake ("japo mvua inanyesha"), na kuwa linasimama peke yake. Kwa vipimo vya juu, tungeandika "japo kuwa", na mwanafunzi wangu alifanya hivyo hasa, akaongeza na i- mbele: "ijapo kuwa".

Rudi kwenye umbo refu, ijapokuwa, ulipasue kama unavyopasua kitenzi chochote: i- ni kiambishi cha mtenda, -japo- ni kiambishi chenye maana ya "hata kama", na -kuwa ni shina la kitenzi likiwa na ku- yake. Ni muundo ule ule wa wajapokuja, yaani hata wakija. Kitenzi cha Kiswahili hubeba viambishi vyake vyote mgongoni, hakiachi hata kimoja njiani. Hivyo ijapokuwa ni neno moja, na japokuwa ni neno lile lile lililopoteza i-. Japo la peke yake ni kipande kilichokatika baadaye kikapata uhuru, na uhuru wake haurudi nyuma kuvunja kitenzi kilikotoka. Isipokuwa nalo ni kitenzi, i-si-po-kuwa, na kosa la "isipo kuwa" lina chanzo hicho hicho.

Tahadhari moja: usichukulie kwamba kila kiunganishi chenye kitenzi ndani yake lazima kiwe neno moja. Kana kwamba ni mawili, ya kwamba ni mawili, na "yakwamba" ni kosa, kwa kuwa kila upande ni neno kamili lisilo kiambishi cha mwenzake. Swali la kujiuliza ni hili: je, kipande cha kwanza ni kiambishi cha cha pili, au ni jirani yake tu?

Hatua ya 5: Safisha waraka mzima

Usitafute "kwa" na kuiwekea nafasi baada yake katika waraka wote kwa amri moja. Niliwahi kufanya hivyo katika mswada wa kurasa zaidi ya mia, nikapata "kwa nza", "kwa ke", "kwa mba", na mti wa mkwaju ukawa "mkwa ju". Kutengua haikuwezekana kwa sababu nilikuwa nimeshafunga faili. Tafuta maneno haya, moja baada ya jingine, huku ukitazama kila mahali kabla ya kubadilisha:

```
kwasababu
kwahiyo
kwahivyo
kwanini
kwakuwa
kwavile
kwaajili
yakwamba
japo kuwa
isipo kuwa
```

Sikushauri utegemee kikagua tahajia katika jambo hili. Kinaangalia neno moja moja, na "japo kuwa" ni maneno mawili sahihi machoni pake.

Sentensi ya mwanafunzi ikatoka hivi: "Ilibainika kwamba wakulima wengi hawatumii mbolea kwa sababu bei yake ni kubwa, kwa hiyo mavuno hupungua ijapokuwa mvua ni za kutosha."

Hatua ya 6: Kwaheri

Hili nimeliacha mwisho kwa kuwa huamuliwa na maana. Katika "atalipa, kwa heri au kwa shari", heri ni nomino inayopambana na shari, na kila moja ina kwa yake, tenganisha. Katika kuagana, hakuna shari inayosubiri upande wa pili, huwezi kupenyeza kila, na ukiwaaga watu wengi unasema kwaherini, yaani -ni ya wingi inabandikwa mwishoni mwa neno zima kama ilivyo katika asanteni. Hapo ninaunganisha.