Maswali matatu ya jioni ambayo mtu aliyechoka atayajibu

Nimeandika haya baada ya kumsaidia rafiki anayefanya kazi ya zamu. Alitaka kujua kwa nini jioni nyingine hufika nyumbani akiwa hoi kabisa na nyingine sivyo. Daftari lake lilikuwa na maswali haya: Siku yangu ilikuwaje? Nimejifunza nini? Kesho niboreshe nini? Alijibu kwa siku chache, kisha kurasa zikabaki tupu.

1. Anza na uamuzi. Andika uamuzi mmoja ambao majibu yatakusaidia kuufanya. Wake ulikuwa: nibadilishe nini katika siku zangu za kazi? Swali lisilogusa uamuzi huo liondoe.

2. Tunga maswali. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipokaa naye muda mrefu zaidi.

Mtu aliyechoka anaweza kutambua jibu, ila kulitunga ni kazi nyingine. "Siku yangu ilikuwaje?" inamtaka akumbuke saa nyingi, azipime, kisha atafute maneno. Tena hali aliyonayo wakati huo hupaka rangi siku nzima: akiwa na hasira jioni, hata asubuhi njema ataiona mbaya. Kwa hiyo uliza kuhusu sasa hivi, au kuhusu tukio ambalo ama lilitokea ama halikutokea. Swali linaloanza na "kwa nini" lisubiri siku ya mapumziko.

Swali lake la kwanza likawa: *Nguvu zangu sasa ni 0, 1 au 2?* Maana tuliziandika ndani ya jalada: 0, hata kuoga ni mzigo, 1, naweza kazi ndogo, 2, bado nina hamu ya kuzungumza na watu. Mimi sipendi kipimo cha 1 hadi 10. Mchovu atasita kati ya 6 na 7, na 6 ya leo haitakuwa 6 ya wiki ijayo.

La pili: *Leo nilikaa chini kupumzika kabla ya saa nane mchana? N kwa ndiyo, H kwa hapana.* Tulikuwa na shaka kwamba hapo ndipo siku zake zinapoharibikia. Angalia lilivyoulizwa. "Nimejitunza leo?" ingekuwa hukumu, na swali la hukumu hukimbiwa siku ambayo jibu ni baya. Matokeo yake daftari hubaki na siku nzuri pekee, nawe unadhani mambo ni shwari. Dalili yake ni nafasi wazi zinazorundikana kwenye siku za aina moja, kama zile za zamu ndefu. Ukiziona, lawama iende kwa swali. Mjibu mwachie.

La tatu hutazama mbele: *Kesho naanza na nini?* Maneno yasizidi matano. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor na wenzake waliwapa vijana dakika 5 za kuandika kabla ya kulala. Walioorodhesha mambo ya kufanya siku zijazo walipata usingizi mapema kuliko walioorodhesha waliyokwisha kuyafanya. Lilikuwa jaribio dogo la maabara, na swali langu ni fupi kuliko zoezi lao, lakini lilinitosha kuacha kufunga jioni kwa kuhesabu ya leo.

3. Yajaribu maswali usiku wa siku mbaya. Yakizidi dakika moja, punguza.

4. Yafunge maswali kwenye tendo la kila siku. Kengele ya simu hulia ukiwa na mikono majini, ukaizima na kusahau. Weka daftari na kalamu pale unapopigia mswaki, na panga hivi: "Nikishaweka mswaki chini, naandika." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza kwa miaka mingi mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nafanya lile", na husaidia watu kutimiza walilokusudia. Simu mimi siitaki kabisa hapa: ukiifungua kuandika herufi tatu, utakutana na ujumbe kumi.

5. Ukiruka siku, usiijaze kesho yake. Jibu la kukisia ni baya kuliko nafasi wazi. Piga mstari, endelea.

6. Soma baada ya wiki mbili. Panga siku za N upande mmoja na za H upande mwingine, uone 0 ziko wapi. Kwake nyingi ziliangukia siku za H, akaomba kubadilishana muda wa mapumziko na mwenzake. Hilo halithibitishi chanzo, kwa kuwa siku yenye kazi nyingi hunyima mapumziko na pia huchosha. Ndiyo maana alibadilisha jambo moja tu, na maswali akayaacha yaleyale kwa wiki mbili nyingine. Swali likileta jibu lilelile kila siku, libadilishe. Isipokuwa la nguvu: 0 mfululizo kwa wiki mbili, hata siku za mapumziko, zipeleke kwa daktari pamoja na daftari lenyewe.