Somo: kutoa maoni juu ya ripoti ya mwenzako kwenye grupu ya kazi

Kila ripoti ikitupwa kwenye grupu yetu hapa Goma, watu wananiandikia pembeni: "Shefu, niseme nini?" Najibu hapa mara moja.

1. Muulize mwenye kazi anataka maoni gani (hesabu, mpangilio, lugha) na anaituma lini.

2. Soma yote kwanza.

3. Taja namba ya slaidi na jina la faili. Kesho kutakuwa na toleo lingine.

4. Sema umeona nini, msomaji ataelewa nini, na ungebadilisha nini. Wengi wanaangukia hapa. Tuseme slaidi ya 7 inaonyesha sampuli za maji ya bomba za mtaani zilizofikisha kloro ya miligramu 0,2 kwa lita: Machi 62%, Juni 68%. Ukiandika "grafu haieleweki", mwenzako hajui ashike wapi. Andika hivi: "Slaidi ya 7: mhimili wa wima unaanzia 60, kwa hiyo nguzo ya Juni inaonekana mara nne ya ile ya Machi. Jedwali la slaidi ya 6 linasema ni sampuli 31 na 34, kila mwezi kati ya 50. Mfadhili atadhani maji yamebadilika sana, kumbe ni sampuli tatu tu. Anzia 0, na uandike 31/50 na 34/50 juu ya nguzo."

Angalieni: piga hesabu mwenyewe kabla ya kusema imekosewa. Na kosa la hesabu mpelekee pembeni kwanza, hasa kama wakubwa wako kwenye grupu.

5. Tenga ya lazima na ya hiari. Makosa ya herufi yaweke yote katika ujumbe mmoja, mwishoni.

MASWALI

Bahati: Kwa hiyo "kazi nzuri" ni kosa?
— Si kosa, ila si maoni. Hatua ya 4.

Bahati: Mimi niko bize, siwezi kusoma slaidi 30.
— Basi sema umesoma 1 hadi 10. Usiweke dole gumba kwa zote.

Mama Neema: Mimi ni wa fedha, kloro siijui. Nikae kimya?
— Hapana Mama, wewe ndiwe tunayekuhitaji. Soma kichwa cha slaidi, kisha jiulize kama grafu inakisema kweli. Kichwa kikisema "Maji sasa ni salama" na sampuli 16 kati ya 50 hazikufika 0,2, huhitaji kujua kloro ili kuuliza: "Hizi 16 zilitoka bomba zipi?" Swali hilo linaweza kumletea mwenye ripoti slaidi nzima mpya.

Furaha: Na kama ripoti ni ya shefu mwenyewe?
— Pembeni, kwa kuuliza: "Shefu, 34 hii ni kati ya ngapi?" Atapiga hesabu mwenyewe.

Josué: Kwenye simu yangu maandishi ya slaidi yanapandana.
— Usimlaumu mtu kwa hilo. Mwombe PDF, ndipo uhukumu mpangilio.

Mama Neema: Na mwenye ripoti aweke namba za kurasa! Ripoti ya juzi haikuwa nazo.